Faili la Excel likisema limeharibika: jinsi ya kuokoa data bila kuzidisha hasara

Wengi wanaolia na faili la Excel lililoharibika walikuwa bado na data yao siku lilipokataa kufunguka. Waliipoteza dakika tano baadaye: Excel iliuliza kama ijaribu kuokoa yaliyomo, walibofya Yes, shiti ikafunguka, wakashusha pumzi, wakabonyeza Ctrl+S. Kilichofunguka kilikuwa na mapengo, na kwa kuhifadhi wakayafanya mapengo hayo kuwa ya kudumu.

Mwongozo huu ni wa faili zenye kiambishi `.xlsx` kwenye Windows. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo. Zile za mwanzo haziwezi kuharibu kitu, za mwisho zinaweza.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye Excel. Toleo la 2016 au jipya zaidi litafaa.
- Programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure. Utaihitaji kuanzia hatua ya 5.
- LibreOffice, nayo ya bure. Si lazima, ila mara nyingine hufungua kile Excel ilichokikataa.
- Folda mpya tupu. Hapa tutaiita `C:\Uokoaji`.
- Nafasi kwenye diski isiyo na hitilafu. Kama faili lilikuwa kwenye flashi, usifanyie kazi kwenye flashi hiyo.

## Hatua ya 1: Nakili, kisha liache la asili lipumzike

Nakili faili kwenda `C:\Uokoaji` na uipe nakala jina `nakala1.xlsx`. Halafu nakili tena, `nakala2.xlsx`. Rudi kwa faili la asili, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties na utie alama kwenye Read-only. Sababu ni moja tu: kidole kikiteleza, Excel itakataa kuandika juu yake.

Linganisha ukubwa. Kwenye Properties, idadi ya baiti kwenye mstari wa Size lazima iwe sawa kabisa kwa la asili na kwa nakala. Usitazame Size on disk, hiyo hutofautiana kati ya diski na diski.

Onyo: kama kunakili kwenyewe kunakwama katikati au Windows inasema imeshindwa kusoma, tatizo lako ni flashi au diski, si Excel. Usiendelee kufungua na kufunga faili hapo. Kila jaribio linaichosha diski inayokufa. Toa kwanza kila kinachokubali kutoka.

## Hatua ya 2: Soma baiti za kwanza

Hatua hii inachukua dakika mbili, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Ujumbe wa Excel haukuambii mengi. Baiti nne za mwanzo zinakuambia uelekee njia ipi. Fungua PowerShell na uandike:

```
Format-Hex C:\Uokoaji\nakala1.xlsx | Select-Object -First 3
```

Tazama mwanzo wa mstari wa kwanza wa tarakimu.

Ukiona `50 4B 03 04`, yaani herufi PK upande wa kulia, umepata habari njema. Faili la `.xlsx` kwa kweli ni furushi la zip lenye mafaili madogo ndani yake, na furushi lako bado lina mdomo wake. Endelea.

Ukiona `D0 CF 11 E0`, ama ni faili la zamani la `.xls` lililobandikwa kiambishi kipya, ama ni `.xlsx` lililofungwa kwa nywila. Badilisha jina la nakala liishie na `.xls` ujaribu kulifungua. Kama lina nywila na likakataa, hatua za 5 na 6 hazitakusaidia, maana yaliyomo yamefichwa yote. Nenda hatua ya 3.

Ukiona `3C` mwanzoni, alama ya `<`, hilo halikuwa faili la Excel tangu siku ya kwanza. Mifumo kadhaa hutoa jedwali la ukurasa wa wavuti na kulipa jina la `.xlsx`. Badilisha kiambishi kiwe `.html`, fungua ndani ya Excel, kazi imekwisha.

Ukiona `00 00 00 00` mstari baada ya mstari, umeme ulikatika au kompyuta ilizimwa kabla diski haijamaliza kuandika. Ukubwa wa faili unaonekana sawa, lakini ndani ni sifuri tupu. Hapo hakuna cha kukarabati. Usilipie programu yoyote inayodai italitengeneza. Tumaini lako liko hatua ya 3 peke yake.

Kuna hali moja ndogo ya kuondoa njiani. Kama faili lilikuja kwa barua pepe au limepakuliwa, na ujumbe unasema `The file is corrupt and cannot be opened`, huenda ni zima kabisa na Windows imelizuia tu. Fungua Properties ya nakala, tia alama kwenye Unblock chini kabisa, bofya OK, jaribu tena.

## Hatua ya 3: Tafuta matoleo ya awali kabla ya kupasua

Toleo zima la jana mara nyingi lina thamani kuliko toleo la leo lililounganishwa kwa gundi. Tafuta sehemu hizi.

Anza na folda ileile faili lilipokuwa. Excel inapohifadhi, haiandiki moja kwa moja juu ya faili lako. Huandika kwanza faili la muda lenye jina lisiloeleweka, kwa kawaida herufi na tarakimu nane bila kiambishi, mfano `5CB1A2F0`. Kisha ndipo hulipa jina la faili lako. Zoezi likikatika katikati, faili hilo la muda linaweza kubaki pale na data yako yote. Nakili lolote la namna hiyo, liongezee `.xlsx`, lifungue. Usidanganywe na lile linaloanza na `~$`: hilo ni dogo mno, na hubeba jina la aliyelifungua faili, basi.

Pili, fungua Excel tupu, nenda File, Info, Manage Workbook, kisha Recover Unsaved Workbooks. Halafu tazama kwa mkono folda hizi mbili kwa kuzibandika kwenye upau wa anwani wa File Explorer:

```
%APPDATA%\Microsoft\Excel
%LOCALAPPDATA%\Microsoft\Office\UnsavedFiles
```

Tatu, bofya kulia faili la asili, Properties, kichupo cha Previous Versions. Orodha itakuwa na kitu iwapo File History au alama za kurejesha mfumo zilikuwa zimewashwa. Kama faili liko OneDrive, tumia Version history. Usibofye Restore kwa pupa, kwa sababu huandika juu ya lililopo. Fungua au nakili toleo hilo kwenda `C:\Uokoaji`.

Ukipata toleo linalofunguka, angalia tarehe yake. Kama pengo ni nusu siku ya kazi, mimi ningeacha hapa na kujaza upya. Kama ni wiki mbili, endelea, na toleo hilo la zamani liweke pembeni. Litakufaa hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Open and Repair, kwenye nakala

Kabla ya kufungua, zima hesabu za kiotomatiki: kwenye kitabu kipya kitupu nenda File, Options, Formulas, chagua Manual. Faili lililoharibika likianza kukokotoa fomula zake zote wakati wa kufunguka, linaweza kuiangusha Excel hata kabla hujaliona.

Sasa nenda File, Open, Browse. Bofya `nakala1.xlsx` mara moja tu. Usibofye kitufe cha Open chenyewe. Bofya mshale mdogo ulio ubavuni mwake, chagua Open and Repair, kisha Repair.

Excel ikimaliza itaonyesha kisanduku chenye orodha ya ilichofanya. Watu hukifunga bila kukisoma, nacho ndicho cheti cha daktari. Kipige picha. Maneno mawili yana uzito tofauti. `Repaired Records` maana yake kitu kimerekebishwa na huenda kipo. `Removed Part` au `Removed Records` maana yake kimetupwa. Kilichotupwa kinaweza kuwa mchoro usio na maana kwako, au kinaweza kuwa maandishi yote ya kitabu kizima.

Hifadhi matokeo kwa Save As kwa jina jipya, `tengenezo.xlsx`. Kamwe si kwa jina lilelile.

Utajuaje kama umefaulu? Kufunguka peke yake si ushahidi. Linganisha idadi ya shiti, mstari wa mwisho wenye data kwenye kila shiti, na jumla ya safu moja ya fedha au idadi dhidi ya toleo la zamani au ripoti iliyochapishwa. Bonyeza F9 kwanza, maana ulizima hesabu.

Kama Repair imeshindwa, rudia kwa kuchagua Extract Data. Excel itakuuliza kama unataka fomula au thamani tu. Jaribu fomula kwanza, na zikigoma chukua thamani. Hapa ndipo pia pa kujaribu LibreOffice kwa `nakala2.xlsx`, kwa kuwa msomaji wake ni mwingine na huvumilia makosa mengine.

## Hatua ya 5: Fungua tumbo la faili

Hatua hii ni ya pale orodha ya matengenezo inaposema kitu cha muhimu kimetupwa. Nitaieleza kwa kisa kimoja nilichokishughulikia.

Kitabu kilitoka kwenye mfumo wa stoo: bidhaa zaidi ya elfu tatu, kila moja na jina, msimbo, idadi na bei. Baiti za kwanza zilikuwa `50 4B 03 04`. Excel ilikubali kukarabati, ikafungua, na namba zote zilikuwepo. Majina ya bidhaa hayakuwepo hata moja. Orodha ilisema:

```
Removed Part: /xl/sharedStrings.xml part with XML error.
(Strings) Illegal xml character. Line 2, column 48213.
```

Ili uelewe kilichotokea, jua kwamba Excel haihifadhi maneno ndani ya shiti. Maandishi hukusanywa kwenye faili moja, `xl/sharedStrings.xml`, na seli ya jina hubeba tu namba ya mstari wa orodha hiyo, ikihesabiwa kuanzia sifuri. Namba halisi hukaa ndani ya shiti yenyewe. Ndiyo maana herufi moja mbovu kwenye faili la maandishi ilifuta majina elfu tatu na kuacha bei zote. Aliyebofya Yes na kuhifadhi angekuwa amebaki na bei zisizo na bidhaa.

Herufi yenyewe ilikuwa alama isiyoonekana, aina ya mruko wa wima, iliyonaswa mtu aliponakili jina la bidhaa kutoka kwenye waraka mwingine na kulibandika kwenye mfumo. Kanuni za XML, lugha ambayo mafaili hayo ya ndani yameandikwa, haziruhusu alama hiyo. Excel yenyewe inapohifadhi huigeuza kwa usalama. Mfumo ule wa stoo uliiandika kama ilivyo.

Fanya hivi:

1. Bofya kulia `nakala2.xlsx`, chagua 7-Zip, kisha Open archive. Utaona folda `_rels`, `docProps`, `xl` na faili `[Content_Types].xml`.
2. Ingia `xl`, buruta `sharedStrings.xml` uitoe nje kwenda `C:\Uokoaji`. Usilifunge dirisha la 7-Zip.
3. Buruta faili hilo hadi kwenye dirisha la kivinjari. Firefox itakuonyesha mstari na nafasi kosa lilipo. Likionekana kama mti wa maandishi bila kosa, faili hilo ni zima na tatizo liko kwenye sehemu nyingine iliyotajwa na orodha.
4. Ondoa alama zisizoruhusiwa kwa PowerShell:

```
$p = 'C:\Uokoaji\sharedStrings.xml'
$t = [IO.File]::ReadAllText($p)
$t = $t -replace '[\x00-\x08\x0B\x0C\x0E-\x1F]', ''
[IO.File]::WriteAllText($p, $t)
```

5. Lifungue tena kwenye kivinjari. Kosa likiwa limehamia mbele, kuna jingine. Tafuta pia alama iliyoandikwa kwa herufi, kama `&#x0B;`, kwa sababu amri hiyo haiioni. Ifute kwa kutumia Notepad.
6. Buruta faili lililosafishwa kulirudisha ndani ya folda `xl` kwenye 7-Zip, kubali libadilishe la zamani, funga dirisha.

Tulipofungua `nakala2.xlsx` baada ya hapo, Excel haikuuliza swali lolote. Majina yote yalikuwa mahali pake. Kimya hicho ndicho dalili ya mafanikio kwenye hatua hii: kisanduku cha matengenezo kikirudi, hata kikiwa na mstari mmoja, bado kuna kitu.

Onyo: usifumue furushi lote kwenye folda na kulifunga upya kama hujazoea. Kosa la kawaida ni kufunga folda yenyewe badala ya vilivyomo, `[Content_Types].xml` ikajikuta ngazi moja ndani, na Excel ikakataa faili ambalo sasa umeliharibu mwenyewe. Kubadilisha faili moja ndani ya 7-Zip kunakuepusha na hilo.

Kama sehemu iliyolaumiwa ni `xl/calcChain.xml`, pumua. Hiyo ni orodha ya mpangilio wa kukokotoa tu, na Excel huiunda upya. Ifute ndani ya 7-Zip, kisha uondoe kipengele kinachoitaja kwenye `[Content_Types].xml` na kwenye `xl/_rels/workbook.xml.rels`.

## Hatua ya 6: Faili lililokatika mkia

Flashi ikichomolewa mapema au upakuaji ukikatika, unabaki na mwanzo wa faili bila mwisho. Furushi la zip huweka orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa, hivyo Excel hukosa pa kuanzia na kusema muundo si sahihi. 7-Zip hujitahidi kusoma bila orodha hiyo na kulalamika kwa `Unexpected end of data`. Toa kila inachokuonyesha.

Kwenye Mac au Linux unaweza kujaribu kuunda orodha upya:

```
zip -FF nakala2.xlsx --out jaribio.xlsx
```

Kwenye mafaili yaliyohifadhiwa na Excel, shiti mara nyingi hutangulia na `sharedStrings.xml` hufuata nyuma yake. Kwa hiyo mkia ukikatika, maandishi ndiyo huenda kwanza na namba hubaki. Seli ndani ya `xl/worksheets/sheet1.xml` huonekana hivi:

```
<c r="A2" t="s"><v>17</v></c>
<c r="B2" s="3"><v>45292</v></c>
```

Ya kwanza ina `t="s"`: ni maandishi, na 17 ni namba ya orodha, si kiasi. Usiichukue kama data. Ya pili ni namba halisi, na ukijua safu B ni ya tarehe, 45292 ni tarehe 1 Januari 2024. Ukiwa na toleo la zamani kutoka hatua ya 3, rudisha maandishi kwa kulinganisha misimbo au mpangilio wa mistari. Ni kazi ya mkono na inachosha. Nisingeifanya kwa shiti yenye mistari michache niliyonayo kwenye karatasi.

## Hatua ya 7: Linafunguka lakini linaanguka

Kama Excel inalifungua kisha inajifunga, vuta thamani kutoka nje bila kulifungua. Kwenye kitabu kipya, seli A1, andika fomula hii ukiweka jina halisi la shiti:

```
='C:\Uokoaji\[nakala2.xlsx]Sheet1'!A1
```

Buruta fomula kulia na chini hadi ifunike eneo la data, na ubonyeze F9 ikiwa hesabu bado ziko Manual. Kisha nakili zote na uzibandike kama thamani kwa Paste Special, Values. Fomula za awali hazitarudi, na seli zilizokuwa tupu zitaonyesha 0. Kwa hiyo usikokotoe wastani kabla ya kutenganisha sifuri halisi na za bandia.

## Likishafunguka

Usiendelee kufanyia kazi faili lililokarabatiwa. Fungua kitabu kipya, nakili data shiti kwa shiti kwa kuchagua seli, si kwa kuhamisha shiti nzima. Ukihamisha shiti nzima, mitindo na majina yaliyoharibika husafiri nayo.

Kisha weka ulinzi wa aina mbili. Kwenye File, Options, Save, punguza muda wa AutoRecover kutoka dakika 10 za kawaida hadi 5. Halafu kwenye Save As, kupitia Browse, bofya Tools, General Options, utie alama kwenye Always create backup. Kila ukihifadhi, Excel itabakiza toleo lililotangulia kama faili la `.xlk` katika folda ileile.

Jua mpaka wa hilo la pili. Ni toleo moja tu, na linakaa diski ileile. Ukihifadhi kitabu kibovu mara mbili, `.xlk` nayo inakuwa mbovu. Kwa kitabu cha kila siku, nakili pia kwenda mahali pengine mwisho wa siku kwa jina lenye tarehe, na mara mojamoja fungua mojawapo ya nakala hizo kuona kama kweli inafunguka.